Chupa ya mafuta ya karafuu, hema la bafta na sekunde moja nukta tatu

Shangazi yangu anauza mafuta ya karafuu hapa Unguja, kwenye vichupa vya kioo cha rangi ya kahawia vya mililita 30, kifuniko cheusi chenye dropa, lebo nyeupe yenye maandishi madogo. Picha zake napiga mimi. Mwaka wa kwanza nilimpigia picha nyingi sana, na karibu zote zilikuwa na kasoro ambayo sikuiona kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Niliijua siku mteja wa Maskati alipotuma ujumbe wa sauti: "Bibi, picha nzuri, lakini nimeikuza nisome kama haya ni mafuta ya makonyo au ya karafuu yenyewe, sioni herufi. Naona mchanga."

Shangazi akanipa simu nisikilize mwenyewe. Hakuongeza neno.

Nikaipeleka picha ile kwa kijana wa Dar es Salaam anayesafisha picha kwa kompyuta. Baada ya siku mbili alinirudishia picha laini kama nta. Chenga, ule mchanga aliouona mteja, zilikuwa zimetoka, na herufi nazo zimetoka. Nilipomlalamikia alinijibu maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: "Dada, hapo chenga na herufi zimelingana ukubwa. Nikifuta moja, na nyingine inaondoka. Niletee picha iliyoshiba mwanga, hapo nitakuwa na kitu cha kusafisha."

Basi nikarudi kwenye faili lenyewe nikasoma lilivyopigwa. ISO 3200, tundu la lenzi `f/5.6`, muda `1/60` ya sekunde. Wakati ule nilikuwa na hema dogo la dukani la kukunja, sentimita 40 kila upande, lenye mkanda wa taa za LED juu, na kamera nikiishika mkononi. Nilikuwa nimeiachia kamera ichague kila kitu. Ikakadiria kwamba mkono hautulii kwa muda mrefu kuliko sehemu moja ya sitini ya sekunde, ikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho wake, na mwanga ulipobaki haba ikapandisha ISO. Mimi nilikuwa na hakika kwamba mle ndani mna mwanga wa kutosha, kwa sababu macho yangu yaliniambia hivyo. Macho yanazoea. Kaa dakika chache mbele ya taa ndogo, utaiona kama jua.

Aliyenifungua akili kuhusu chenga ni mvua. Chukua makopo mia, yapange uani, subiri mvua. Ikinyesha kwa sekunde chache tu, kopo hili litapata matone matano, la jirani tisa, jingine mawili, na mvua ni hiyo hiyo moja. Ikinyesha nusu saa, makopo yote yatakaribia kulingana. Sensa ya kamera ni makopo ya namna hiyo, mamilioni, na mwanga nao huingia kwa matone. Chenga ni ile tofauti baina ya kopo na jirani yake pale mvua ilipokuwa chache. Kupandisha ISO hakuongezi hata tone moja. Kunakuza hesabu iliyokwisha kupatikana, na tofauti zile zinakuzwa pamoja nayo. Ndiyo maana chenga zangu zilijaa zaidi kwenye kioo cha kahawia na chini ya kifuniko, mahali ambapo matone yalikuwa machache tangu mwanzo.

Kwa hiyo dawa ni mvua kubwa zaidi, au mvua ndefu zaidi. Mtu ukimpiga picha huwezi kumwambia asipumue sekunde mbili. Chupa unaweza. Huo ndio msingi wa kila nilichobadilisha baadaye.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyonitoa gizani. Kushusha ISO kutoka 3200 hadi 100 ni kugawanya kwa 32, hivyo ile `1/60` inageuka takriban nusu sekunde. Tundu la `f/5.6` lilikuwa linanipa ukali katikati ya lebo tu, kwa maana lebo imezunguka chupa na kingo zake zimerudi nyuma. Nilitaka `f/11`, na kufunga tundu kiasi hicho kunapunguza mwanga mara nne, kwa hiyo nusu sekunde ikawa sekunde mbili. Kisha kulikuwa na deni jingine: picha zangu zote zilikuwa za kijivu. Kamera ikipima hema jeupe tupu hudhani ni kitu cha kijivu kinachong'aa kupita kiasi, inakibana. Ili nyeupe iwe nyeupe nilihitaji mwanga wa mara mbili na nusu zaidi. Jumla ikafika sekunde tano na kidogo. Nilipoweka taa mbili za nje zilizonipa mwanga takriban mara nne ya ule mkanda, zikashuka hadi sekunde moja nukta tatu. Kamera yangu inaiandika `1"3`, na namba hiyo sijaihama kwa vichupa hivi.

Usiende `f/22` kwa tamaa ya kupata kila kitu kikali. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima inalainika kidogo. Kwa sensa ya ukubwa wa APS-C kama yangu, baina ya `f/8` na `f/11` panatosha.

Sasa hema. Lile la dukani nililiacha kwa sababu mbili. Lilikuwa dogo, hivyo kitambaa kilikaa karibu mno na chupa na kila mkunjo wake ukaonekana kwenye kioo. Na taa yake ilikuwa ndani, wazi, bila kitambaa kati yake na chupa, kwa hiyo juu ya bega la chupa kulikuwa na mstari wa nukta nyeupe kama shanga. Hema linafanya kazi yake pale taa inapokaa nje na kitambaa kikawa kati. Chupa haipaswi kuiona taa kabisa. Inapaswa kuona ukuta mweupe unaong'aa, na ukuta huo ndio taa yake.

Nilitengeneza fremu ya sentimita 60 kwa mabomba membamba ya plastiki, yale ya maji ya nusu inchi, na elbo zake. Kitambaa cha kwanza kilikuwa marekani, maana kilikuwepo nyumbani. Lebo nyeupe ikatoka rangi ya maziwa ya mgando yaliyokaa jua. Marekani haijapaushwa, ina umanjano wake, na mwanga ukipita unauchukua. Nikabadilisha nikaweka bafta nyeupe, tabaka moja, iliyopigwa pasi. Kama huna mabomba, boksi kubwa la katoni lililokatwa madirisha pande tatu linafanya kazi ile ile. Ndani nilishusha karatasi ya manila nyeupe kutoka nyuma mpaka chini kwa kuipinda taratibu, nisiivunje, ili pasiwe na mstari wa kona nyuma ya chupa. Mbele nikafunga kipande kingine cha bafta chenye mpasuko wa kupitisha lenzi tu. Nilijifunza umuhimu wa pazia hilo siku nilipoona wekundu wa ajabu upande mmoja wa kifuniko, nikahangaika na taa kwa muda mrefu, kumbe ni kanga niliyojitanda.

Taa ni balbu mbili za LED kwenye vishikio vya mezani. Zisiwe za halojeni. Zile zinachoma kitambaa. Nilinunua moja leo, nyingine wiki iliyofuata, duka jingine, na matokeo yake upande wa kushoto wa chupa ulikuwa wa buluu na wa kulia wa manjano. Kwenye maboksi, moja iliandikwa 6500K na nyingine 3000K. Kasoro hiyo hairekebishiki baadaye kwa urahisi, kwa sababu ukiuponya upande mmoja wa picha unauharibu mwingine. Tangu hapo nanunua jozi, aina moja, siku moja, na natafuta boksi lililoandikwa CRI 90 au zaidi, hicho ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Balbu za kawaida za 80 zinafifisha wekundu, na kahawia ya kioo hiki inategemea wekundu. Nazima pia taa ya darini na nafunga dirisha. Kisha napiga kadi ya kijivu ndani ya hema na kuiambia kamera iitumie kama kipimo cha weupe.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni umbali wa taa kutoka kwenye kitambaa. Nilikuwa nazigandamiza taa kwenye bafta nikidhani ndiyo njia ya kuupata mwanga wote. Angalia chupa kwa karibu uone kinachotokea: kwenye ubavu wa kioo kuna duara jeupe, kali, saizi ya kitufe cha shati, na pembeni yake giza. Kitambaa kiling'aa pale tu balbu ilipogusa, kwa hiyo kwa chupa ile taa bado ilikuwa ndogo kama kitufe. Nikairudisha nyuma polepole huku jicho langu likiwa kwenye kioo, si kwenye taa. Kitufe kikawa sahani, kingo zake zikayeyuka, na nilipofika kama sentimita 40 kutoka kwenye bafta, ukuta mzima ulikuwa umewaka na ubavu wa chupa ulikuwa na mstari mmoja mrefu wa mwanga, mpole, kutoka bega mpaka kitako. Mwanga nilioupoteza kwa kurudi nyuma nilikuwa na njia ya kuulipa: muda. Mwenye kamera ya mkononi hana hiari hiyo, ndiyo maana anabaki na kitufe.

Taa ya kulia niliirudisha zaidi, hadi sentimita 70 hivi, ili upande mmoja uzidiwe kidogo na chupa ionekane ya mviringo. Zikilingana kabisa, chupa inalala kama imechorwa.

Hapo lebo ikasomeka. Lakini chupa yenyewe ilikuwa haina mpaka. Hema linaimulika kila upande, na kingo za kioo zikachukua weupe wa kuta na kupotea ndani ya manila. Nilichofanya ni kukata vipande viwili vya manila nyeusi, vyembamba, upana wa vidole vitatu, nikavisimamisha kulia na kushoto kwa chupa, nje kidogo tu ya mahali picha inapoishia. Kioo kikaviona. Kila ukingo wa chupa ukapata mstari mwembamba mweusi kama wanja. Visogeze karibu, wanja unanenepa. Visogeze mbali, unakonda. Na kwa kuwa kioo cha kahawia kilichojaa mafuta kinameza mwanga, nilikata kipande cha kadi nyeupe kwa umbo la chupa, kidogo kuliko chupa yenyewe, nikakificha nyuma yake kikiwa kimeinama kupokea mwanga wa taa ya kushoto. Mafuta yakawaka rangi ya asali. Shangazi alipoiona picha hiyo aliisogeza simu karibu na uso akasema, "Eh, mwanangu, sasa ndiyo yenyewe hii."

Ukichagua kutumia muda, utulivu unakuwa kazi yako nzima. Sekunde moja nukta tatu ni ndefu kwa nyumba yenye watu. Tunakaa ghorofa ya pili Mji Mkongwe, ngazi ni za mbao, na watoto wa jirani wanazishuka mbio. Nilipiga picha kumi, nne zikawa na herufi mbili mbili. Feni nayo ilikuwa inatikisa bafta, na bafta ikicheza mwanga unacheza. Sasa napiga usiku, watoto wamelala, feni imezimwa, jasho linatoka lakini kitambaa kimetulia. Usiku una faida nyingine pia, dirisha haliingizi mwanga wake. Tripodi naifungua miguu, nguzo ya katikati siipandishi. Kutikisika kwa kidole kwenye kitufe nakuepuka kwa kuweka kamera ihesabu sekunde kumi kabla ya kupiga. Sekunde mbili hazikutosha kwa tripodi yangu nyepesi. Lenzi yangu ina kitulizo cha mtikisiko, nacho nakizima, kwa sababu kikiwa juu ya tripodi kinaendelea kutafuta mtikisiko ambao haupo. Kuhusu kulenga, nakuza picha ya moja kwa moja kwenye kioo cha kamera mara kumi, naielekeza kwenye herufi ndogo kuliko zote, na nazungusha lenzi kwa mkono mpaka ziwe kali. Kisha siigusi tena.

Muda huo mrefu ulinitatulia na jambo ambalo sikulitarajia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Nilipokuwa nikipiga kwa shata ya haraka, baadhi ya picha zilikuja na mistari mipana ya giza ikikata hema. Kwenye sekunde moja nukta tatu kuna kupepesa zaidi ya mia moja ndani ya picha moja, na mistari haina nafasi ya kujichora.

Baada ya kupiga, siamini kioo cha kamera kikiwa kinaonyesha picha nzima. Kwanza naangalia histogramu, ile grafu ya kamera inayopanga giza kushoto na weupe kulia. Mlima wa weupe unatakiwa ukae kulia, karibu na ukuta bila kuugusa. Ukiwa katikati, manila yangu ni kijivu, na atakayeing'arisha baadaye ataamsha chenga zilizolala vivulini. Ukigusa ukuta, lebo imeungua na hakuna wa kuirudisha. Tena manila ikizidi kuwaka, weupe wake unamwagikia kwenye lenzi na kula kingo za chupa, hivyo wanja wote niliousumbukia unafifia. Halafu nakuza mpaka herufi zijae kioo. Herufi zikijirudia kuelekea upande mmoja, kitu kilitikisika. Zikiwa zimelainika huku pindo la kifuniko nyuma yake ni kali, nililenga vibaya. Zikiwa na punje za rangi kama mchanga, mwanga haukutosha. Na zikiwa laini kama nta, basi ni kamera yenyewe imejisafisha chenga bila kuombwa. Kwenye menyu yangu hilo nimelizima, na napiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili anayesafisha apate kila tone lililoingia.

Jirani yetu anauza sabuni za mwani na anatumia simu. Hema langu analiazima, na picha zake zimekuwa bora sana, ila simu ina sensa ndogo, makopo yake ni madogo, kwa hiyo inahitaji utulivu huo huo na zaidi. Anaisimamisha kwenye stendi, anatumia lenzi kuu ya `1x` bila kuvuta karibu, anaweka kihesabio cha muda, na kwenye hali ya `Pro` anashusha ISO hadi 50 au 100, kisha anaiachia shata irefuke. Sabuni haina kioo, vipande vyeusi havihitaji. Ila vito vya fedha vyenye mawe ya kumetameta alivyoletewa na shoga yake vilitushinda mle ndani. Mwanga wa hema ni mpole mno, mawe yalilala kama plastiki. Tulilazimika kuongeza tochi ndogo moja kupitia mpasuko wa mbele, bila kitambaa, ndipo yakapata cheche.

Nilipomtumia yule kijana wa Dar faili la kwanza la `1"3`, alinipigia simu badala ya kuandika. Alikuwa ameikuza lebo mpaka mwisho na akaanza kunisomea: mafuta ya makonyo, mililita 30, namba ya toleo, tarehe. Akanyamaza kidogo. "Hapa kuna alama ya kidole chako, dada, chini ya dropa. Na punje mbili za vumbi begani. Hizo tu ndizo nitakazofuta."

Siku hizi kabla ya kufunga pazia la mbele naipangusa chupa kwa kitambaa cha miwani, naishika kwa karatasi laini nikiiweka mahali pake, na bafta naifua kila baada ya wiki mbili.